Ushauri kwa Wanafunzi: Pendekezo kwa Bodi za Shule Kwale

Bodi ya shule inapoletewa hoja ya huduma ya ushauri kwa wanafunzi, swali la kwanza huwa ni fedha: mtaalamu atalipwa na nani? Kwa shule ya kutwa ya Msambweni au Diani, hapana haja ya kuanza na mtaalamu. Yatosha mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi na kupewa mafunzo, chumba chenye mlango, kabati lenye kufuli, na nauli ya kumfikisha mwanafunzi hospitali.

Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 400. Mwalimu akitengewa alasiri mbili kwa juma, saa mbili kila mara, ataonana na wanafunzi wanane, nusu saa kila mmoja. Kwa majuma kumi ya muhula, hayo ni mazungumzo 80. Kila mwanafunzi akihitaji manne, watahudumiwa 20 tu. Hiyo ndiyo ahadi ya kuwapa wazazi, wala si kwamba utoro na mimba vitakoma.

Wenye huzuni na wasiwasi wa kadiri waweza kukutanishwa kwa makundi. Jaribio la Shamiri, lililofanywa katika shule za Nairobi na Kiambu na kuchapishwa mwaka 2021, liliwatumia vijana waliomaliza sekondari, wakafunzwa na kusimamiwa, kuongoza makundi saa moja kwa juma, kwa majuma manne. Dalili za wanafunzi hao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Mwalimu huyo asiwe naibu wa mkuu wa shule wala msimamizi wa nidhamu. Neno lenyewe "nasaha" hubeba sauti ya mkubwa akimwonya mdogo, na mwanafunzi aitwaye kupewa nasaha huingia akiwa tayari kujitetea. Kazi hapa ni kusikiliza, na anayewaza kwa Kidigo aruhusiwe kusema kwa Kidigo. Daftari likionyesha kwamba wote waliofika walitumwa na walimu, wala hakuna aliyejileta, basi chumba kimekwisha kugeuka ofisi ya adhabu.

Kuhusu siri, mwanafunzi aelezwe tangu mwanzo: asemayo hayatatoka, ila akiwa katika hatari ya kujidhuru au akidhulumiwa. Unyonyaji wa watoto katika utalii wa pwani, Diani ikiwamo, ulielezwa katika ripoti ya UNICEF na serikali mwaka 2006. Mwalimu akiambiwa jambo kama hilo asipeleleze, wala asikubali suluhu ya kifamilia. Amwarifu afisa wa watoto au polisi, au apige simu ya bure 116. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita.

Mwisho wa muhula bodi iulize mambo mawili: wangapi walijileta, na walingoja siku ngapi? Foleni ikipita majuma mawili, hapo ndipo bodi itakuwa na hoja ya kudai mshauri wa kuajiriwa, nayo itaidai ikiwa na daftari mkononi.