Koki Inayojifunga Sinki Linapovuja

Chini ya sinki la jikoni, mara nyingi panapoanza kuvuja ni kwenye maungio ya mpira unaopeleka maji bombani. Maji hufuata mpira huo hadi sakafu ya kabati, nyuma ya ndoo na sabuni, na mwenye nyumba huja kugundua mbao zimeshavimba.

Sensa ya uvujaji huwekwa papo hapo sakafuni, sehemu iliyo chini kabisa. Ina ncha mbili za chuma zisizogusana. Maji yakizifikia zote mbili, umeme mdogo hupita kati yake, na ishara huenda kwenye koki yenye mota. Mota huzungusha tufe lenye tundu kwa robo mzunguko, na baada ya sekunde chache njia imezibwa. Koki ibaki imefungwa hata sensa ikikauka, mpaka mtu aifungue. La sivyo itafunga na kufungua usiku kucha.

Kwenye nyumba zetu zenye tangi juu, koki iliyofungwa karibu na mita haisaidii: lita 1,000 zitaendelea kushuka. Iwekwe kwenye paipu inayotoka tangini. Na umeme ukikatika, koki nyingi za mota hubaki zilivyokuwa, hivyo betri ya akiba ni lazima.

Kuijaribu, mwagia ncha kijiko cha maji, kisha fungua bomba la sinki. Likiendelea kutiririka baada ya dakika moja, huenda chokaa ya maji imelikwamisha tufe. Kuifunga na kuifungua koki kila mwezi husaidia kuzuia hilo.