Saa Inayosimama Usiku

Barua yangu ya kwanza kwa kampuni iliyotengeneza saa yangu ilikuwa na sentensi moja ya maana: "Saa yangu inasimama." Niliituma Juni 3, 2024, saa yenyewe ikaifuata kwa kurejeshwa dukani. Julai 12 ilirudi na kikaratasi: imepimwa, haina kosa. Usiku uleule ikasimama.

Nilikasirika, lakini fundi saa mmoja aliniambia hawakudanganya. Saa yangu ni ya otomatiki, haina betri. Ndani mna springi inayokazwa na kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea. Inaweza pia kutiwa ufunguo kwa kile kifundo cha pembeni. Mafundi wa kiwandani huitia ufunguo, huilaza juu ya mashine inayosikiliza mapigo yake, na kuona kama inakwenda mbele au nyuma kwa sekunde ngapi. Yangu ilikwenda vizuri tu. Mashine ile haiulizi kama saa inaweza kujikaza yenyewe mkononi, na ugonjwa wangu ulikuwa hapo hapo.

Kwa hiyo nilihitaji majaribio mawili: moja la springi, jingine la kujikaza. Baada ya kuyafanya niliandika hivi:

"Saa hii niliinunua Machi 16, 2024. Nakala ya risiti na picha ya namba iliyochongwa mgongoni nimeziambatisha. Tangu Juni 1 husimama usiku baada ya kuvaliwa mchana kutwa. Mliipima Julai mkasema haina kosa, tatizo linaendelea.

Agosti 9, ikiwa imesimama kabisa, niliizungusha kifundo mara 30 na kuilaza mezani saa 20:00. Ilisimama Agosti 11, saa 12:20, yaani baada ya saa 40 na dakika 20. Kitabu chenu kinasema takriban saa 41. Katika saa 24 za kwanza ilizidi sekunde 9.

Agosti 12 niliivaa bila kuitia ufunguo kuanzia 06:00 hadi 20:00. Ilisimama 01:35. Agosti 13 nilirudia vilevile, ilisimama 01:10. Agosti 14 aliivaa mdogo wangu, mpaka rangi, kwa saa hizohizo; ilisimama 02:00.

Haijaanguka, haijaingia maji, na haijafunguliwa na mtu. Naomba mtengeneze sehemu ya kujikaza chini ya waranti, bila malipo na kwa gharama yenu ya usafirishaji. Ikishindikana, naomba nyingine ya aina hiyohiyo. Kabla ya kuirudisha, ijaribiwe kwa kuvaliwa au kuzungushwa ikiwa haikutiwa ufunguo. Nasubiri jibu la maandishi ifikapo Septemba 2."

Tazama mdogo wangu anavyofanya kazi ndani ya barua ile. Jibu la kawaida kwa malalamiko kama yangu ni kwamba mwenye saa hukaa ofisini, mkono hautikisiki vya kutosha. Mtu anayepaka rangi ukutani kutwa nzima hawezi kuambiwa hivyo. Zile sekunde 9 nazo zinafunga mlango wa sumaku. Saa iliyoshikwa na sumaku mara nyingi hukimbia, pengine dakika kadhaa kwa siku, kwa sababu mizunguko ya unywele wake wa chuma hugandana.

Sehemu iliyonitoa jasho ilikuwa kuandika saa. Kwetu nilivua saa ile saa mbili usiku. Barua ilikwenda kwa Kiingereza, na rasimu yangu ya kwanza ilisema nimeivua saa mbili, neno kwa neno. Msomaji wa ng'ambo angeelewa saa nane usiku, na saa iliyosimama 01:35 ingeonekana imesimama kabla ya kuvuliwa! Ndiyo maana nikatumia tarakimu za saa 24, na jina la mwezi badala ya namba, maana 9/8 kwa Mmarekani ni Septemba.

Kuhusu kutoifungua: fundi yule alitamani sana kuona ndani, nikamkatalia. Kampuni nyingi huihesabu waranti kuwa imekufa mfuniko ukishaguswa na mtu asiye wao.

Jibu lilifika Agosti 28. Magurudumu mawili madogo, yanayopokea mzunguko wa kile kipande kizito na kuupeleka kwenye springi, yalikuwa yameganda mafuta na yanateleza. Waliyabadilisha bure. Iliporudi niliivaa kutwa bila kuitia ufunguo, nikaivua saa mbili usiku na kuilaza mezani. Ilitembea saa 31.