Magunzi Ndani ya Pipa

Msimu wa kupukuchua mahindi, nyuma ya nyumba nyingi za Mbozi huota kilima cha magunzi. Machache huingia jikoni, yakawaka upesi na kumtoa mpishi machozi. Yaliyobaki hutiwa kiberiti. Moshi ule mzito ni gesi ambazo zingeweza kuwaka. Zikishatoka, kinachobaki ni mkaa, nao ukiendelea kupata hewa huisha ukawa majivu. Ujanja wote ni kuziacha gesi zitoke, kisha kuunyima mkaa hewa kabla haujaliwa na moto.

Kwa hilo linatosha pipa la chuma la lita 200, ila lisiwe lililowahi kubeba dawa za mashambani. Kitako hutobolewa matundu machache, juu hukatwa mdomo mpana wenye kifuniko. Pipa hukalishwa juu ya mawe matatu ili hewa ipite chini, likajazwa magunzi makavu, kisha likawashwa. Mwanzoni moshi hutoka mweupe na mzito. Ukianza kuwa mwembamba, pipa linafunikwa, mawe yanatolewa, na udongo unasiliba kila upenyo, chini na juu. Hapo ni kusubiri kama saa mbili.

Wengi huharibu kwa haraka. Ukifunika mapema, gunzi huwa jeusi nje na la kahawia ndani, na mkaa wake utafuka moshi. Ukichelewa, unachota majivu. Vunja moja: lililoiva ni jeusi hadi katikati, na hukatika kwa mlio mkavu. Pia usifunue pipa likiwa bado la moto, maana hewa ikiingia makaa hufufuka. Hata ukienda vizuri, usitegemee zaidi ya robo ya uzito uliotia.

Mkaa huo hupondwa ndani ya gunia, ukachanganywa na uji mzito wa muhogo. Kwa kilo sita za unga wa mkaa, nusu kilo ya unga wa muhogo inatosha. Finyanga tonge: likishikana bila maji kuchuruzika vidoleni, liko sawa. Matonge huanikwa juani siku tatu au nne. Lililo bichi ndani litakutesa jikoni. Na tusidanganyane: mkaa huu nao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo jiko lisiwashwe kwenye chumba kilichofungwa.

Wakulima wa mpunga huuliza, je, na pumba? Pipa hili haliwafai sana. Karibu sehemu moja ya tano ya pumba za mpunga ni madini, hasa silika, na hayo hayaungui. Ukizichoma kuwa mkaa, madini yote hubaki humo. Matonge yake huwaka kwa uvivu, yakajifunika majivu. Mafundi wa matofali wanaozimwaga kwenye tanuri wanazitumia vizuri zaidi, kwani huko majivu hayamkeri mtu.