Onyo la cheti: Jinsi ya kuhakikisha umeifikia kompyuta halisi

MHASIBU aliye nyumbani Nakuru anapotumia Remote Desktop kuifikia kompyuta ya ofisi iliyoko Nairobi, huandika nywila yake kisha akakumbana na onyo hili: "The identity of the remote computer cannot be verified." Wengi hubonyeza "Yes" papo hapo bila kulisoma.

Onyo hilo si ithibati kwamba kompyuta imevamiwa. Kwa kawaida, Windows hujitengenezea cheti na kukitia saini yenyewe. Cheti hicho ni sawa na kitambulisho alichojiandikia mtu: huenda yaliyomo ni kweli, ila hakuna mamlaka nyingine iliyoyathibitisha.

Kwa hivyo, ni mhasibu anayepaswa kuthibitisha. Anaweza kumpigia simu msimamizi wa kompyuta aliye ofisini, ambaye atafungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

```
dir "Cert:\LocalMachine\Remote Desktop" | fl Thumbprint, NotAfter
```

Msimamizi atasoma alama ya cheti, yenye herufi na tarakimu 40. Mhasibu naye atabonyeza "View certificate", aende "Details", kisha "Thumbprint". Alama hizo zikilingana, anaweza kuendelea na kuweka tiki kwenye "Don't ask me again for connections to this computer".

Zikitofautiana, abonyeze "No". Huenda kuna mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano ili ainase nywila.

Onyo likirejea baada ya muda, si lazima pawe na hila. Cheti hicho hudumu miezi 6 tu, kisha kompyuta hutengeneza kingine. Hata hivyo, alama mpya inafaa kulinganishwa upya.

Jambo la pili ni Network Level Authentication, ambalo wengi hulichanganya na cheti. Cheti huitambulisha kompyuta kwa mtu, ilhali mpango huu humtambulisha mtu kwa kompyuta. Jina na nywila hukaguliwa kabla ya ukurasa wa kuingilia kufunguliwa, hivyo mgeni huzuiwa mlangoni.

Faida yake ilidhihirika mwaka wa 2019, ilipogunduliwa kasoro ya BlueKeep katika matoleo ya zamani ya Windows. Kasoro hiyo iliwezesha mvamizi kuingia bila nywila, lakini palipokuwa na ukaguzi huu, alihitaji kwanza jina na nywila halali.

Ukaguzi huo una usumbufu wake. Mtu ambaye nywila yake imepitwa na wakati hukataliwa kabla ya kupata nafasi ya kuibadilisha. Baadhi ya ofisi huuzima ili kumsaidia, na kwa kufanya hivyo humfungulia kila mgeni ukurasa wa kuingilia. Lililo salama ni msimamizi kumpa mtumiaji huyo nywila mpya na kuuacha ukaguzi ukiendelea.