Kitanda cha Laki Tisa na Mteja Mwenye Laki Saba na Nusu

Keko, wilayani Temeke, ni mtaa wa samani. Kuanzia asubuhi unasikia randa za umeme, unanusa vanishi, na kila banda lina mteja anayezunguka kitanda au kabati akilipapasa kwa vidole. Baada ya mizunguko miwili mitatu inakuja kauli ambayo kila fundi anaijua: "Bei yako kubwa, fundi." Na mara nyingi jibu linatoka kabla mteja hajamaliza kuvuta pumzi: "Basi nipe laki nane."

Jibu hilo linaonekana la ukarimu. Kwa maoni yangu, linawaumiza mafundi kuliko hata siku zisizokuwa na wateja. Mteja aliyeambiwa laki tisa, kisha akashushiwa laki nzima kwa neno moja tu, hafurahi kama tunavyodhani. Anaanza kujiuliza ile laki ilikuwa ya nini, na kama imetoka kirahisi hivyo, nyingine ziko ngapi. Atasema tena "bado kubwa", na ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu fundi mwenyewe ndiye amemwonyesha kwamba bei ya kwanza haikuwa na msingi.

Hesabu nayo inauma. Tuchukue mfano wa kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, chenye nakshi kichwani na droo mbili chini, ambacho fundi ametaja shilingi 900,000. Mbao za mninga pamoja na chaga za paini zinamgharimu 460,000. Gundi, msasa, sila, vanishi na vishikio ni 70,000. Kuranda kwenye mashine, mchonga nakshi na ujira wa kazi ni 150,000, na sehemu ya kodi ya banda na umeme ni 40,000. Jumla 720,000, faida 180,000. Akipunguza laki moja, mbao hazipungui, msasa haupungui, msaidizi hapokei pungufu. Laki yote inatoka kwenye faida, inabaki 80,000. Ili apate kile alichokitarajia kwenye kitanda kimoja, sasa itabidi atengeneze zaidi ya viwili.

Sasa afanye nini? Kwanza asijibu bei. Aulize. Malalamiko ya bei yanaficha mambo tofauti, na kila moja lina dawa yake. Mteja mmoja hana hiyo pesa leo lakini atakuwa nayo mwisho wa mwezi. Mwingine ameona kitu kama hicho kwa bei ndogo mahali pengine. Mwingine pesa anayo, ila haoni kwa nini kitanda kifikie laki tisa. Na yupo anayesema hivyo kwa mazoea tu, maana amelelewa kwamba bila kuvutana hujanunua. Ukiwapunguzia wote, umempa dawa moja mwenye homa na mwenye jino.

Hebu tumweke mteja mmoja mbele yetu, mama wa makamo anayepanga nyumba yake.

"Laki tisa nyingi mno, fundi. Banda la pale juu wananifanyia laki sita na nusu."

"Sawa, mama. Walikuambia ni mbao gani?"

"Mninga huohuo."

"Na chaga ni ngapi? Ubavu una unene gani? Mbao zimekauka?"

Mama hajui. Hakuuliza, na wateja wengi hawaulizi. Hapa fundi mwenye haraka angeanza kumsema mwenzake kwamba ni tapeli, na angeharibu. Mteja anapomsikia fundi akimponda jirani, anahisi kesho atapondwa yeye. Heri ampe maswali ya kwenda nayo na amwonyeshe kwa mkono namna ya kupata majibu.

Fundi anaokota kipande cha mninga kilichobaki, anakikwangua kwa kisu. Chini ya uso rangi ni ileile ya kahawia, hata akikwangua zaidi. Kisha anachukua kipande cha mbao nyeupe kilichopakwa rangi, anakwangua, na weupe unatokea papo hapo. "Ukifika pale, mama, inama uangalie chini ya ubavu, mahali ambapo vanishi haijafika. Huko mbao haidanganyi." Anamwambia pia jambo ambalo muuzaji mwingine angelificha: mninga halisi nao una sehemu nyeupe ya nje, ile iliyo karibu na ganda la mti, kwa hiyo ukiona mstari mweupe usikimbilie kusema ni bandia. Ila sehemu hiyo ndiyo wadudu wanayoipenda, na fundi makini huiondoa au huiweka pasipobeba uzito. Kuiondoa ni kutupa mbao uliyoilipia, na hiyo ni sababu mojawapo ya vitanda viwili vinavyofanana kutofautiana bei.

Sababu nyingine ni ukavu. Mbao mbichi ni nzito kuliko kavu ya ukubwa uleule, na ukiiwekea kiganja unahisi ubaridi. Ikitumika hivyo, itaendelea kukauka ikiwa tayari ni kitanda. Baada ya miezi kadhaa viungo vinaachia, kitanda kinaanza kulia usiku, na mteja anarudi kwa hasira. Fundi anayekausha mbao anafungia fedha yake kwenye rundo lililopangwa nyuma ya banda, miezi na miezi, na hilo nalo linaingia kwenye bei. Kwa mteja wetu hakulieleza kwa maneno mengi. Alimpeleka nyuma, akamshikisha ubao wa rundo la zamani na ule ulioshushwa wiki hiyo.

Mama akiuliza kwa nini mninga uwe ghali hivyo, jibu lipo. Mti huo ni wa misitu ya asili ya miombo, kama ile ya Tabora, Katavi na Ruvuma, na hukua polepole. Kuuvuna kunahitaji kibali, na kuusafirisha kunahitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Paini inapandwa kwenye mashamba makubwa, kama Sao Hill kule Mufindi, inakomaa mapema na bei yake ni nyingine kabisa. Maelezo haya yawe mafupi. Mteja anataka kujua analipia nini, hakuja darasani.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali ambalo mafundi wengi wanaogopa kuliuliza: "Ukiacha bei ya jirani, mama, wewe mwenyewe ulikuwa umejipanga na shilingi ngapi?"

"Nina laki saba na nusu. Nyingine labda mwisho wa mwezi."

Sasa fundi anajua anachokijibu, na anaweza kupunguza kazi badala ya kupunguza bei ya kazi ileile. Anamuuliza mama kipi kwenye kitanda hicho anakihitaji kwelikweli. Droo mbili za chini zinakula mbao, vishikio na siku nzima ya kazi, jumla kama 90,000 za gharama. Mama anacheka: nguo zake zina kabati, droo alizikubali kwa sababu zilikuwa kwenye picha. Nakshi za kichwani haziachi, hizo ndizo zilizomvuta tangu mwanzo. Basi droo zinatoka, bei inashuka hadi 790,000, gharama inashuka hadi 630,000. Faida ni 160,000. Mteja ameona bei ikipungua kwa 110,000, fundi amepungukiwa 20,000 tu na ameokoa siku ya kazi. La maana zaidi, mama anajua kwa nini imeshuka, kwa hiyo hana sababu ya kuvuta tena.

Bado zinapelea 40,000, na hizo ni suala la muda. Wanakubaliana kianzio cha 500,000 siku hiyo, kinachotosha kununua mbao na vifaa vyote, na 290,000 siku ya kuchukua kitanda, ambayo itaangukia baada ya mwisho wa mwezi. Kitanda kinabaki bandani hadi shilingi ya mwisho. Sharti hili lisemwe mwanzoni na liandikwe kwenye risiti, kwa sababu fundi anayekiachia kitanda kwa ahadi ya "nitakutumia kwa simu" amepunguza bei bila kujijua. Kwa asiye na kianzio hicho, utaratibu wa kudunduliza unafaa: anaweka kidogo kidogo, na kazi inaanza fedha za mbao zikitimia.

Wapo watakaong'ang'ania bei ya mwisho hata baada ya yote hayo. Kwa hao, punguzo lisitoke bure. Akichukua vitanda viwili kwa mpigo, mashine inakodiwa mara moja na mbao zinakatwa kwa hasara ndogo, hapo kuna cha kumrudishia. Akilipa yote leo, fundi ananunua mbao bila kukopa. Hata akikubali kusubiri hadi kipindi ambacho banda halina kazi, fundi amepata kitu. Asiyetoa chochote naye aambiwe kwa heshima kwamba kwa mninga mkavu bei ni hiyo, na kwamba kitanda kizuri cha paini iliyotiwa dawa kinapatikana kwa bei inayomfaa. Akiondoka, aondoke akiwa na namba ya simu na yale maswali ya kukwangua na kupima uzito.

Kuna wakati mteja anasema kweli kabisa. Bei ni kubwa, na kosa ni la fundi. Dalili yake haionekani kwa mteja mmoja bali kwenye daftari. Kama wateja wameonyeshwa mbao, wameelewa, wamekagua kwa jirani na kukuta mninga mkavu uleule wenye unene uleule, na bado karibu wote wananunua huko, basi tatizo haliko kwenye maneno ya kujibu. Mara nyingi liko kwenye ununuzi: fundi ananunua ubao mmoja mmoja dukani kwa bei ya rejareja, wakati mwenzake amechanga na mafundi wanne wakashusha mzigo mzima kutoka kwa msambazaji. Au liko kwenye ukataji, vipande virefu vinaishia kuwa kuni kwa sababu hakuna aliyepanga mikato kabla ya kuwasha msumeno. Hayo hurekebishwa kabla mteja hajaingia bandani. Bei inayoshuka kwa njia hiyo haigusi faida hata kidogo.