Taa ya Upepo Inajuaje Tairi Limepungua?

Mteja mmoja alileta gari gereji akilalamika kwamba usukani umekuwa mzito na mafuta yanakwisha haraka. Nilipopima upepo, matairi yote manne yalisoma psi 24, ilhali kibandiko cha mlangoni kwa dereva kinataka 33. Taa ya upepo kwenye dashibodi haikuwa imewaka hata siku moja.

"Fundi, taa imekufa?" aliniuliza.

Taa ilikuwa nzima. Gari lake halipimi upepo. Linahesabu mizunguko ya magurudumu.

Kila gurudumu lina kihisi cha breki za ABS kinachohesabu meno ya pete inayozunguka nalo. Tuseme tairi hukata mita 2 kwa mzunguko mmoja. Kwa kilometa moja litazunguka mara 500. Upepo ukipungua, tairi hubonyea kidogo pale linapogusa barabara, na ili lisiachwe nyuma na wenzake hulazimika kuzunguka zaidi. Tofauti ni ndogo mno. Ikiwa nusu ya asilimia moja tu, ni mizunguko miwili na nusu ya ziada kwa kilometa hiyo, ambayo jicho haliwezi kuiona. Lakini kwenye pete yenye meno 48 hayo ni meno 120 zaidi, na kompyuta inayaona. Kwenye kona tairi la nje huzunguka zaidi hata likiwa zima, kwa hiyo kompyuta hulinganisha magurudumu kwa mshazari na kusubiri tofauti idumu kabla ya kuwasha taa.

Hapo ndipo gari la mteja wangu lilipokwama. Matairi yake yalipoteza upepo polepole, yote kwa pamoja, miezi mingi. Hakuna lililozunguka zaidi kuliko mwenzake, basi hapakuwa na cha kulinganisha. Baadhi ya mifumo mipya husikiliza pia mtetemo wa tairi, ambao hubadilika upepo unapopungua, lakini gari lake halina uwezo huo.

Gari lenye vihisi ndani ya magurudumu lingemwambia mapema. Kihisi hicho hukaa ndani ya rimu, nyuma ya vali, hupima upepo wenyewe na kutuma namba kwa redio. Ukiona psi ya kila tairi kwenye dashibodi, unacho. Udhaifu wake ni betri: imefungiwa ndani, na baada ya miaka 5 hadi 10 huisha. Katika magari mengi taa humetameta kama dakika moja baada ya kuwasha gari, kisha hubaki imewaka. Huo ni ugonjwa wa mfumo, si wa tairi. Fundi wa pancha asiyejua kilichomo anaweza kukivunja anapong'oa tairi, kwa hiyo mwambie kabla hajaanza.

Gari la mteja nililiacha lilale. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, nilijaza 33 kote, ndipo nikabonyeza kitufe cha SET. Ningekibonyeza kwanza, kompyuta ingechukua ulegevu ule kuwa ndio hali ya kawaida.