Embe lililong'atwa na embe lililodondoka

Chini ya mwembe alfajiri, msimu ukiwa umekolea, hulala maembe ya namna tatu. Yapo yaliyoiva yakaachia yenyewe, ganda zima. Yapo yaliyodonolewa na ndege mchana uliopita. Na yapo yaliyoguguniwa na popo usiku, mengine kokwa likiwa nje. Mwokotaji mwenye haraka huyatia yote kapu moja, ilhali kila namna ina hukumu yake.

Kumtambua mlaji si kazi ngumu. Ndege hutoboa: tundu lake ni jembamba na la kina, na mara nyingi huwa juu ya tunda, karibu na kikonyo, alipopata pa kushika. Popo hutumia meno. Huchuna ganda na kuacha jeraha pana, lenye mistari midogo ya meno pembezoni. Kisha huacha ushahidi mwingine ambao watu wengi huukanyaga bila kujua ni nini. Popo wa matunda hamezi nyuzi. Hutafuna, hufyonza maji na kutema makapi. Makapi hayo huonekana kama vidonge bapa vya nyuzi, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, yametawanyika chini ya mti au juu ya bati. Penye makapi hayo popo alikuwepo, na huenda amekojolea hata matunda ambayo hakuyagusa kwa meno.

Wenye miembe husema embe lililodonolewa ndilo tamu kuliko yote. Wana haki. Ndege na popo hawana haja na embe bichi. Huchagua lililoiva vizuri, kwa hiyo mdomo wa ndege ni kipimo kizuri cha utamu. Lakini ganda likishatobolewa, sukari ile ile huwa karamu ya wengine. Nzi wa matunda hutaga mayai kwenye jeraha, hamira ya hewani huanza kuchachua, na kwa joto la pwani embe lililotobolewa asubuhi huanza kunuka pombe kabla ya jioni. Funza wa nzi hao hawana sumu. Aliyewala gizani bila kuwaona hatadhurika. Kinachofaa kuogopwa zaidi ni vimelea vya kinyesi vilivyo kwenye midomo na miguu ya ndege. Kunguru wa Dar es Salaam au Mombasa hutoka jalalani moja kwa moja hadi mwembeni.

Kwa popo jambo ni zito zaidi, na ushahidi wake mkubwa umetoka Malesia. Mwaka 1998 wafugaji wa nguruwe nchini humo walianza kuugua homa kali na uvimbe wa ubongo. Miti ya matunda, miembe ikiwemo, ilikuwa imepandwa kandokando ya mabanda. Popo walikula usiku, na matunda yaliyoguguniwa yakaanguka kwa nguruwe. Nguruwe waliambukizwa virusi vilivyopewa jina la Nipa, kisha wakawaambukiza watu. Kufikia mwaka uliofuata zaidi ya watu 100 walikuwa wamefariki na nguruwe wapatao milioni moja wameuawa ili kuukata ugonjwa. Virusi hivyo hukaa katika mate na mkojo wa popo, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba juu ya nyama ya embe vinaweza kubaki hai kwa saa chache hadi siku mbili hivi, kutegemea joto na uchachu wa tunda.

Afrika Mashariki haijawahi kuthibitisha mgonjwa hata mmoja wa Nipa. Huku kinachojulikana zaidi ni Marburg, iliyoua watu mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Virusi vyake hubebwa na popo wa matunda anayelala mapangoni, na katika maabara vimedumu juu ya embe na ndizi kwa saa sita. Hata hivyo, maambukizi kutoka kwa popo ambayo chanzo chake kimefuatiliwa hadi mwisho yameelekea zaidi kwenye mapango na machimbo, kama pango la Kitum katika Mlima Elgon, kuliko kwenye matunda. Kwa hiyo embe lililoguguniwa si kifo cha uhakika, na anayewatisha watoto hivyo anatia chumvi. Ila hasara ya kulitupa ni embe moja tu, na halistahili kubishaniwa.

Kulitupa maana yake ni kulitupa lote. Desturi ya kukata upande uliong'atwa na kula uliobaki haisaidii. Mate hayakai pale pale palipo alama za meno. Hufuata maji ya embe katikati ya nyuzi, na kisu kinachokata upande mchafu huingia upande safi kikiwa kimelowa. Kuchemsha kungeua virusi, lakini aliyelimenya tayari amelishika kwa mikono mitupu. Lililodonolewa na ndege lina hatari ndogo, ila hukumu ya busara ni ile ile.

Lililodondoka zima ni habari nyingine kabisa, na kulitupa ni kupoteza chakula. Linalotakiwa ni kulikagua likiwa mkononi. Lizungushwe lote, likiwemo upande uliolalia ardhi, maana embe likigonga jiwe hupasuka ufa mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka libonyezwe na utomvu utoke. Lenye ufa liachwe. Lililobonyea bila ganda kupasuka linafaa. Doa la hudhurungi ndani ni mchubuko tu, likatwe. Kidoa kidogo kama kilichochomwa sindano, kilicholainika pembeni, ni alama ya nzi wa matunda, na ndani kuna funza. Muda pia una uzito: la usiku wa jana juu ya majani si sawa na la juzi lililolala wanapozunguka kuku na mbuzi.

Kisha lioshwe, kwa maji yanayotiririka, ya bomba au ya kumiminwa kwa kata, huku likisuguliwa kwa kiganja. Sabuni haihitajiki. Kosa la kawaida ni kuyaloweka maembe yaliyopata moto wa jua ndani ya ndoo ya maji baridi. Tunda la moto likiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na maji huvutwa kupitia kovu la kikonyo, pamoja na uchafu wake. Mwaka 1999 watu kadhaa nchini Marekani waliugua salmonela kutokana na maembe ya Brazili. Yalikuwa yametumbukizwa kwenye maji ya moto kuua funza, kisha yakapozwa kwa maji baridi, na hatua hiyo ya pili ndiyo iliyoshukiwa. Kuosha huja kabla ya kumenya, hata kama ganda halitaliwa, kwa sababu kisu ndicho kinachobeba uchafu wa juu kwenda ndani.

Maembe mabichi yaliyopukutishwa na upepo ndiyo yenye mashaka machache zaidi. Popo hayamvutii na nzi huyapenda kidogo. Yakioshwa hufaa achari au kuliwa kwa chumvi na pilipili.

Yaliyokataliwa yasiachwe chini ya mti wala kupewa nguruwe. Yaokotwe kwa koleo au mfuko uliovikwa mkononi, yafukiwe shimo la kina cha nusu mita hivi, ambako nzi hawezi kuibuka. Penye ardhi ya mawe hufungwa ndani ya mfuko mweusi na kuachwa juani mpaka funza wafe kwa joto.